Kutoka safu 16 hadi nne: nilivyosafisha jedwali la akiba ya ghala

Jedwali lenyewe lilikuwa la ghala la vifaa tiba, na lilitolewa kila mwezi. Lilikuwa na mistari 40 hivi na safu 16: namba ya mstari, msimbo wa kifaa, jina, kipimo, jina la ghala, salio la mwanzo, vilivyoingia, vilivyotoka, vilivyoharibika, salio la mwisho, wastani wa matumizi kwa mwezi, akiba kwa miezi, msambazaji, muda ambao mzigo huchukua kufika, tarehe ya agizo la mwisho, na maoni. Ili lienee kwenye ukurasa mmoja, herufi zilipunguzwa hadi mtu akawa anafuata mstari kwa rula. Nusu ya seli zilikuwa na rangi: kijani, njano au nyekundu.

Nilipokabidhiwa kazi ya kuliandaa, nilimwendea kwanza mama aliyekuwa akisaini maagizo, kwa kuwa yeye ndiye aliyelisoma kuliko mtu mwingine yeyote. Nikamuuliza, "Mama, ukilipata hili jedwali, unatafuta nini?" Akajibu bila kusita: "Natafuta cha kuagiza wiki hii. Mengine yote nayapita." Jibu hilo lilinipa kipimo cha kazi nzima. Safu inayoweza kubadilisha uamuzi wa kuagiza inabaki. Isiyoweza, hata iwe sahihi namna gani, inatoka.

Watu wengi huanza kupunguza safu kwa kuuliza kama ina umuhimu. Swali hilo halifiki mbali, kwa sababu kila safu ina mtu anayeiona muhimu. Mimi nilijiuliza hivi: thamani za safu hii zikibadilika leo, msomaji atafanya jambo tofauti? Hapo safu zinajitenga zenyewe. Jina la ghala lilikuwa lilelile kwenye mistari yote 40, kwa hiyo likahamia kwenye kichwa cha jedwali pamoja na mwezi. Namba ya mstari haikuwa na kazi. Msimbo wa kifaa unamhitaji mtunza kumbukumbu. Anayesaini anakijua kifaa kwa jina. Salio la mwanzo, vilivyoingia, vilivyotoka na vilivyoharibika ni hesabu ya kufikia salio la mwisho. Hizo ni hatua za njiani, na msomaji huyu anahitaji kilichopatikana mwisho wa njia. Tena salio la mwisho lenyewe halimwambii kitu mpaka aligawanye kwa matumizi. Mabomba ya sindano 7,420 ni mengi au machache? Kwa matumizi ya zaidi ya 4,000 kwa mwezi, hayafiki hata miezi miwili. Akiba kwa miezi tayari imebeba jibu hilo, kwa hiyo salio nalo likatoka.

Msambazaji alitoka kwa sababu anahitajika baada ya uamuzi, wakati wa kuandika agizo. Maoni yalikuwa na maneno kwenye mistari miwili tu, na mingine yote ilikuwa mitupu. Safu ya namna hiyo hula nafasi kubwa kuliko zote bila kusema lolote, na maoni mawili yanatosha kabisa kuandikwa chini ya jedwali. Kipimo nilikiunganisha na jina: "Glavu, pakiti".

Iliyonisumbua ni tarehe ya agizo la mwisho. Kwa sura yake ilikuwa ya kutoa: msururu wa tarehe usiolinganishika na chochote. Lakini ilipita kwenye kile kipimo changu, kwa sababu kama kifaa kimeshaagizwa na mzigo uko njiani, kukiagiza tena ni kosa. Nilipoitazama vizuri nikaona kwamba tarehe yenyewe haijibu swali. Agizo la wiki sita zilizopita linaweza kuwa limefika au bado. Alichotaka kujua mama ni kama kuna mzigo njiani, ndiyo au hapana. Nikaongeza alama ya "njiani" kwenye karatasi ya data, ile inayotunza safu zote 16, na kwenye jedwali la kusomwa ikatokea kama nyota yenye maelezo chini. Jambo hili nimelikuta tena na tena: safu inayokataa kutoka mara nyingi ina taarifa inayohitajika, ila imevaa umbo lisilofaa.

Mhasibu hakufurahi. Alikuwa akitumia salio la mwanzo na vilivyoharibika kila mwisho wa mwezi, na alikuwa na haki. Lakini dawa yake si kumrudishia safu zake kwenye jedwali la maagizo. Safu zote 16 zilibaki kwenye karatasi ya data kama zilivyokuwa, na yeye akapata jedwali lake kutoka kwenye data hiyohiyo. Hapa nina tahadhari moja ya kiufundi. Usizifiche tu safu ndani ya jedwali lilelile unalolituma. Safu zilizofichwa hurudi mtu anapozifichua bila kujua, na mara nyingi ukinakili eneo lenye safu hizo na kulibandika kwingine zinakuja nazo. Tengeneza karatasi ya pili inayochota kutoka kwenye ya kwanza.

Zilizobaki ni safu nne: kifaa, akiba kwa miezi, muda ambao mzigo huchukua, na matumizi kwa mwezi. Ya mwisho niliibakiza kwa sababu mtu akishaamua kuagiza, swali linalofuata papo hapo ni kiasi gani.

Sasa namba. Safu ya akiba ilikuwa imekaa katikati ya seli, kila namba na urefu wake:

```
 2.59985
0.808989
 1.80718
 2.19429
4.60557
10.24528
```

Jicho linapotembea chini ya safu kama hii halina pa kushika. Tunatambua ukubwa wa namba kwa mahali tarakimu zake zilipokaa kabla hata ya kuzisoma: makumi chini ya makumi, mamoja chini ya mamoja. Ukizipanga katikati, kila namba inahama kulingana na urefu wake, na 0.808989 inaonekana kubwa kuliko 4.60557 kwa sababu tu ina tarakimu nyingi. Zisogeze kulia bila kusawazisha desimali na tatizo linabaki, maana nukta hazikai kwenye mstari mmoja. Yanatakiwa mambo mawili kwa pamoja: kupanga kulia, na idadi moja ya desimali kwenye safu nzima.

Kabla ya kupanga kulia kuna hatua ambayo siiruki kamwe. Naondoa mpangilio wote kwenye safu na kuiacha ikae kama programu inavyotaka. Katika programu za lahajedwali, namba hukaa kulia na maandishi hukaa kushoto zenyewe. Nilipofanya hivyo kwenye safu ya vilivyotoka, seli mbili zilibaki kushoto. Kwa macho zilikuwa namba kama nyingine, lakini moja ilikuwa na nafasi tupu mbele yake na nyingine ilikuwa imeingizwa kama maandishi. Kazi ya `SUM` huzipita seli za namna hiyo kimyakimya bila kutoa onyo lolote, kwa hiyo jumla ya matumizi ya vifaa viwili ilikuwa pungufu, na akiba yao ikaonekana kubwa kuliko ilivyo. Mtu akikimbilia kupanga safu yote kulia, au katikati kama ilivyokuwa, anaifuta dalili inayoonekana wazi. Ukitaka uhakika, andika `=ISNUMBER(H2)` pembeni na uivute hadi chini. Kila penye jibu la `FALSE` kwenye seli isiyo tupu pana maandishi yaliyojifanya namba.

Kuhusu desimali, mwanatakwimu Andrew Ehrenberg alishauri mwaka 1977 kwamba namba za kulinganishwa zipunguzwe hadi tarakimu mbili zinazobeba tofauti, kwa sababu hesabu ya kichwani hubebeka kwa tarakimu mbili na huanza kumwagika zikizidi hapo. Nimeufuata ushauri huo kwa miaka mingi na sijaona jedwali la maamuzi lililoharibika kwa ajili yake. Wastani wa matumizi ya glavu ulikuwa 118.67 kwa mwezi. Hakuna anayeagiza theluthi mbili za pakiti, na mwezi ujao matumizi yanaweza kuwa 105 au 130. Kuandika 120 ni kusema ukweli kuhusu kile tunachokijua. Fomula ninayotumia kwa matumizi ya kuanzia 10 kwenda juu ni hii:

```
=ROUND(K2,2-LEN(INT(K2)))
```

Inabakiza tarakimu mbili za mwanzo: 4,105.83 inakuwa 4,100, 442.33 inakuwa 440, na 29.17 inakuwa 29. Akiba kwa miezi nimeipa desimali moja, kwa umbo la `0.0`, kwa sababu sehemu ya kumi ya mwezi ni siku tatu hivi, na hakuna uamuzi wa ghala unaotegemea muda mfupi zaidi ya huo. Matumizi nimeyapa umbo la `#,##0` ili maelfu yaonekane.

Kuna jambo la fonti pia, nalo huwapita wengi. Katika baadhi ya fonti tarakimu 1 ni nyembamba kuliko 8, kwa hiyo hata ukipanga kulia vizuri, mamoja na makumi hayakai sawasawa. Jaribio lake ni dogo: andika 1111 kwenye seli moja na 8888 kwenye seli ya chini yake. Zikilingana kwa upana, fonti inafaa kwa jedwali. Zisipolingana, badilisha fonti. Kwenye ukurasa wa wavuti unaweza kuomba tarakimu za upana mmoja, kama fonti inazo:

```css
td.namba {
  text-align: right;
  font-variant-numeric: tabular-nums;
}
```

Kichwa cha safu ya namba nacho nakipanga kulia, kikae juu ya namba zake. Majina yanabaki kushoto. Mistari ya wima nimeiondoa yote, kwa kuwa safu zilizopangwa vizuri hujichorea mpaka zenyewe. Nimebakiza mstari mmoja wa mlalo chini ya vichwa.

Kisha rangi, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine.

Mfumo wa awali ulipaka kijani akiba inayozidi miezi mitatu, njano kati ya mwezi mmoja na mitatu, nyekundu chini ya mwezi mmoja. Unaonekana wa busara. Tatizo la kwanza ni kwamba kijani kilikuwa kwenye seli nyingi kuliko rangi nyingine, yaani wino mwingi zaidi ulitumika kutangaza mahali pasipohitaji kufanywa lolote. Tatizo la pili ni la macho: upofu wa rangi wa kawaida zaidi ni wa kutotofautisha nyekundu na kijani, na miongoni mwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya humpata takriban mwanamume 1 kati ya 12. Ukichapa kwa wino mweusi, sote tunakuwa katika hali hiyo, maana nyekundu na kijani mara nyingi huwa kijivu kinachokaribiana.

Tatizo la tatu ndilo zito. Viwango vile vilitazama akiba peke yake, bila kuuliza mzigo huchukua muda gani kufika. Akiba ya miezi 2.6 ilipakwa njano, rangi ya "subiri kidogo". Lakini ikiwa mzigo wa kifaa hicho huchukua miezi mitatu, umeshachelewa tayari. Wakati huohuo kifaa chenye akiba ya miezi 1.8, ambacho mzigo wake hufika ndani ya mwezi mmoja, kilipewa njano ileile na hakikuwa na shida yoyote. Rangi ilikuwa inasema namba hii ni ndogo au kubwa, jambo ambalo namba yenyewe imeshalisema. Nilitaka iseme agiza.

Kwa hiyo kanuni ikawa moja: seli ya akiba inapakwa rangi ikiwa akiba haizidi muda wa mzigo na hakuna mzigo njiani. Basi. Hakuna rangi ya pili. Katika umbizo lenye masharti niliiandika hivi, ambapo B ni akiba, C ni muda wa mzigo, na E, iliyo nje ya eneo la kuchapwa, ina neno "njiani" au iko tupu:

```
=AND(ROUND($B2,1)<=$C2,$E2<>"njiani")
```

Ile `ROUND` ina sababu yake. Kubadilisha umbo la namba hubadilisha kinachoonekana tu. Chini yake thamani kamili ipo palepale. Ukilinganisha thamani kamili, kifaa chenye akiba ya 0.97 kitaonyesha 1.0 na kupakwa rangi, na chenye 1.03 kitaonyesha 1.0 na kuachwa, wakati muda wa mzigo wa vyote viwili ni 1. Msomaji anaona namba mbili zilezile zikitendewa tofauti, na kuanzia hapo haiamini rangi tena. Kwa kulinganisha thamani iliyokadiriwa, na kwa kutumia `<=`, kinachoonekana na kinachopakwa vinakubaliana, na penye utata jedwali linaegemea upande wa kuagiza.

Rangi yenyewe ni njano hafifu, pamoja na herufi nzito. Uzito wa herufi ndio unaookoa jedwali likichapwa kwa mweusi.

Mpangilio wa mistari nao ulibadilika. Zamani ilifuata msimbo wa kifaa. Sasa inafuata tofauti kati ya akiba na muda wa mzigo, kuanzia ndogo, na tofauti hiyo inakokotolewa kwenye karatasi ya data bila kuonyeshwa. Niliwahi kuiongeza kama safu ya tano, nikaitoa: ilileta namba hasi ambazo kila mtu aliulizia maana yake, ilhali akiba na muda wa mzigo zikikaa jirani msomaji anazilinganisha mwenyewe kwa kutupia jicho.

Vifaa vinane kati ya vyote vilitoka hivi. Mabano ya mraba yanasimama mahali pa rangi:

```
Kifaa                     Akiba    Mzigo huchukua    Matumizi
                        (miezi)           (miezi)   kwa mwezi
-------------------------------------------------------------
Maji ya dripu, chupa     [ 2.6]                 3         440
Glavu, pakiti *            0.8                  1         120
Mabomba ya sindano         1.8                  1       4,100
Pamba, roli                2.2                  1          29
Mirija ya dripu            4.6                  3         430
Bandeji                    4.6                  2         290
Plasta, pakiti             5.3                  1          96
Barakoa, pakiti           10.2                  1          88

* Mzigo uko njiani, unatarajiwa wiki ijayo.
```

Seli moja tu ndiyo yenye rangi, nayo si yenye namba ndogo kuliko zote. Glavu zina 0.8, lakini mzigo wake umeshaagizwa, kwa hiyo hakuna agizo la kutuma. Maji ya dripu yana akiba ya miezi miwili na nusu na ushee, na kwenye jedwali la zamani yangepita bila kuonwa katikati ya njano nyingine. Mama alipolipokea alikiweka kidole kwenye ile 2.6, akahamia kwenye 3 iliyo jirani, akasema, "Hili la dripu tumelichelewesha." Halafu akauliza la glavu, akasoma nyota, akageuza ukurasa.

Mirija ya dripu na bandeji zinaonyesha 4.6 zote mbili. Kwenye data ni 4.60557 na 4.55652, na kuna aliyenilalamikia kwamba nimeipoteza tofauti. Tofauti hiyo ni kama siku moja na nusu, nayo imetokana na wastani ambao wenyewe unayumba kwa zaidi ya hapo. Nilimwonyesha kwamba kinachovitenganisha vifaa hivyo viwili ni 3 na 2 kwenye safu inayofuata. Kimoja kina nafasi ya mwezi mmoja na nusu hivi kabla ya kufikia siku ya kuagiza, kingine kina miezi miwili na nusu. Tofauti inayohusu uamuzi ilikuwepo tangu zamani, ila ilikaa safu ya 14, mbali na ya 12, ikiwa imetengwa nayo na jina la msambazaji.

Njia hii ina mipaka yake. Jedwali la kutafutia, ambalo mtu huingia na msimbo mmoja akitaka salio la kifaa kimoja, halihitaji kupangwa kwa uzito wala kupakwa rangi. Huko mpangilio wa msimbo au wa herufi ndio sahihi, na safu nyingi zinaruhusiwa. Na safu ya matumizi hapo juu ina vipimo mchanganyiko, pakiti na chupa na roli, kwa hiyo haifai kulinganishwa kutoka juu hadi chini. Nimeipanga kulia ili mtu asikosee 430 na 4,100 anapoandika agizo, na nimeiweka mwisho ili jicho lisianze nayo.

Kuna jaribu linalorudi kila inapotokea miezi ambayo hakuna seli iliyofikia kanuni. Jedwali linatoka jeupe lote, na mtu anatamani apake angalau zile mbili za juu lisionekane kama halijafanyiwa kazi. Niliombwa kufanya hivyo zaidi ya mara moja, na nilikataa. Ukipaka seli isiyohitaji agizo mwezi huu, mwezi ujao rangi haitakuwa tena na maana ya agiza, na mama atalazimika kurudi kusoma mistari yote 40. Katika miezi kama hiyo naandika sentensi moja juu ya jedwali, mahali pa kichwa kidogo: "Hakuna agizo jipya linalohitajika kabla ya ripoti ijayo", na chini yake nataja kifaa kilicho karibu zaidi na mpaka.